Kabla ya kubadilisha latitudo na longitudo kuwa UTM, kadiria jibu kwanza

Wewe uliyejiunga na ofisi ya upimaji hapa Dar juzi, siku si nyingi utapewa jedwali lenye safu mbili, latitudo na longitudo, uambiwe uweke E na N kwenye ripoti. Kompyuta itakupa namba hata kama ulichoiambia ni uongo, na namba za UTM zenye kosa hufanana sana na zilizo sahihi. Kwa hiyo mimi huanza na karatasi.

Dar es Salaam yote iko zoni ya 37 kusini, inayoanzia longitudo 36 hadi 42, na meridiani yake ya kati ni 39. Mashariki huhesabiwa kutoka 500,000 kwenye meridiani hiyo; kaskazini huhesabiwa kwa kutoa kutoka 10,000,000 ya ikweta. Kwa latitudo za jiji letu, digrii moja ya longitudo ni kama mita 110,500 na ya latitudo ni kama mita 110,540, kipimo cha UTM kikiwa kimeshaingizwa humo. Ni bahati ya kuwa karibu na ikweta. Usizibebe namba hizi kwenda nazo mbali.

Chukua nukta karibu na Daraja la Selander: latitudo -6.8, longitudo 39.28. Mashariki ni 500,000 kujumlisha 0.28 mara 110,500, yaani 530,940. Kaskazini ni 10,000,000 kutoa 6.8 mara 110,540, yaani 9,248,328. Sasa iache kompyuta ifanye kazi yake, df ikiwa ni jedwali lako ulilolifungua kwa pandas, lenye safu za lat na lon:

```
from pyproj import Transformer
t = Transformer.from_crs(4326, 32737, always_xy=True)
df["E"], df["N"] = t.transform(df["lon"].values, df["lat"].values)
```

Inatoa E 530,939.4 na N 9,248,351.4. Makadirio yalipishana nayo mita 23 tu, basi tunaendelea. Usiiache `always_xy=True`. Bila hiyo, 4326, yaani namba ya latitudo na longitudo za WGS84, hutaka latitudo itangulie, nawe umeanza na longitudo.

Tofauti ikiwa kubwa, ukubwa wake ndio unaokuambia kosa liko wapi. N ikitoka 10,751,649, alama ya kutoa imedondoka kwenye latitudo. Mtu aliandika 6.8 akidhani kila mtu anajua tuko kusini. Ikitoka -751,649, umechagua 32637, zoni ya kaskazini. Hayo yanaonekana hata kwa kupepesa macho, kwa sababu N ya Dar huanza na 92.

Linalojificha zaidi ni la dakika na sekunde. Nukta yetu kwenye daftari la mpimaji inaweza kuwa imeandikwa 6°48'00" na 39°16'48", kisha mchapaji akaingiza -6.48 na 39.1648. N inakuwa kama 9,283,700. Bado inaanza na 92! Lakini nukta imehama kilomita 35 kuelekea kaskazini na kuangukia baharini, mashariki ya Bagamoyo. Kwenye jedwali refu dalili yake ni hii: kwenye safu ya latitudo, pitia tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta ya desimali. Kama safu nzima haina hata moja inayozidi 59, huenda hizo ni dakika, rudi kwenye daftari uhakikishe. Gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, jumlisha, ndipo uweke alama ya kutoa.

Kuna kosa moja ambalo makadirio ya karatasi hayalioni vizuri, nalo ni la datumu. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi kwa kawaida hutoa WGS84. Nukta ileile ya Selander ikiandikwa kwa Arc 1960 (EPSG:21037), E hupungua kama mita 95 na N huongezeka kama mita 300. Ukiona pointi zako zote zimehama kwa kiasi hicho na upande uleule mmoja dhidi ya ramani ya mteja, usizisogeze kwa mkono. Uliza ramani yake ni ya datumu gani, kisha ubadilishe kwa vigezo. Hata vigezo vyenyewe vinatofautiana kwa mita kadhaa kati ya seti na seti, kwa hiyo kwa kazi ya mipaka ya viwanja usivitegemee. Funga kazi yako kwenye alama za udhibiti zilizopimwa.

Desimali nazo: tano za digrii ni kama mita moja, nne ni kama mita 11. Data ikija na desimali nne, kuandika E kwa sentimita ni kumdanganya msomaji, hata kama Excel inakubali. Chini ya jedwali andika: WGS84, UTM zoni 37 kusini, EPSG:32737, mita, na kifaa kilichotumika kupima.