"Amenivunja mkono" lakini "amenivunjia kikombe"

Swali: "Mbona mkono hautaki ile -i- ya kitenzi, na kikombe kinaitaka?"

Kwa sababu mkono ni sehemu yako: ukivunjwa, umevunjwa wewe, hivyo "ni-" inaguswa moja kwa moja. Kikombe kiko nje yako. Hasara inakufikia kupitia -i-. Ndiyo maana "amenivunja kikombe" inakwaruza sikio.

Wapo wanaosema ni suala la uhai, kwamba chenye uhai hakitaki -i- na kisicho na uhai kinaitaka, ila wanakosea kidogo: ng'ombe yu hai, lakini tunasema "amenichinjia ng'ombe". Jamaa nao huambatana na mwenyewe kwa njia yao: mamangu, mumewe, nduguye. Hatusemi "kikombechangu". Ila mpaka si mgumu. Washairi huandika "jinale" na "moyowe", na "amevunja mkono wangu" pia inasemwa.