"Nimedisaidi": je, kanuni imevunjika?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kubadili msimbo kati ya Kiswahili na Kiingereza. Nimesoma kwamba mzungumzaji hawezi kubadili lugha katikati ya neno, lakini rekodi zangu zimejaa "nimedisaidi", "wanaapdeti" na "ilikanseliwa". Msimamizi wangu anasema hiyo ni dalili kwamba kuchanganya lugha hakuna kanuni, ni uvivu tu. Je, kanuni ndiyo mbovu, au wazungumzaji wangu ndio wanaokosea?

Jibu: Marahaba. Wazungumzaji wako wako sawa. Msimamizi wako ameruka hatua: pendekezo la mtafiti mmoja likigonga mwamba, kilichoanguka ni pendekezo hilo, basi. Huwezi kutoka hapo ukahitimisha kwamba hakuna sarufi. Maneno yako matatu yenyewe yamejaa utaratibu, nami nitakuonyesha.

Ulichosoma ni kizuizi cha mofimu huru, alichokipendekeza Shana Poplack mwaka 1980 baada ya kuchunguza Wapuertoriko wa New York wanaozungumza Kihispania na Kiingereza. Alikuwa na wazungumzaji 20 na mabadiliko ya msimbo 1,835. Aliona kwamba lugha haibadiliki kati ya mofimu tegemezi na mzizi, isipokuwa mzizi huo umekwisha kuzoezwa matamshi ya lugha ya kiambishi. Watu husahau sharti hilo la mwisho. Na husahau kabisa matokeo mengine ya utafiti huohuo: waliobadili msimbo ndani ya sentensi ni wale waliozimudu lugha zote mbili, ilhali wenye umilisi mdogo walibandika vijineno vya pembeni tu, vya aina ya "unajua" na "sawa?". Uvivu uko wapi hapo?

Sasa rudi kwenye rekodi zako usikilize, maana tahajia itakudanganya. Ukisikia "nimedisaidi", yenye irabu mwishoni, mzungumzaji ameuvika mzizi umbo la silabi za Kiswahili, na Poplack angekuambia hilo ni neno la mkopo, hata kama limekopwa kwa mara hiyo moja tu. Ukisikia "nimedisaid", neno limekatika kwenye konsonanti kama Kiingereza kinavyotaka, basi hapo una mfano halisi unaokipinga kizuizi. Rekodi za Kiswahili na Kiingereza zina aina zote mbili, mara nyingine kinywani mwa mtu yuleyule katika mazungumzo yaleyale. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya jibu la "ni mkopo" kila unapobanwa. Kizuizi kilichojengwa juu ya Kihispania na Kiingereza kinapata taabu kinapokutana na lugha inayopanga viambishi vingi mbele ya mzizi.

Angalia jambo lingine. Kiambishi cha Kiswahili kinapokea mzizi wa Kiingereza bila kusita: "tutadisaidi", "hawajadisaidi", "asiapdeti". Geuza upande. Chukua mzizi "pika" uuwekee kiambishi cha Kiingereza cha tendo linaloendelea, upate kitu kama "hi iz pikaing". Labda utakisikia kwenye utani. Kwenye mazungumzo ya kawaida hutakipata, na msemaji yeyote wa lugha hizi mbili ataguna akikisikia. Kama kila kitu kingekuwa holela, pande zote mbili zingeruhusiwa sawasawa.

Mlalo huo wa upande mmoja ndio alioujengea nadharia Carol Myers-Scotton mwaka 1993, kwa data nyingi za Kiswahili na Kiingereza zilizorekodiwa Nairobi. Anasema ndani ya kishazi lugha hazina hadhi sawa. Moja ni lugha matriki: hiyo hutoa mpangilio wa mofimu, pamoja na mofimu zinazobeba mahusiano ya kisarufi nje ya kirai, hasa upatanisho. Nyingine ni lugha pachikwa, na kazi yake kubwa ni kuleta mizizi yenye maana. Kipimo ni kishazi. Kishazi kinachofuata kinaweza kubadili matriki bila shida yoyote.

Tuchambue mfano: "Projekti zake zimeapruviwa lakini bajeti imerijektiwa." Hesabu maneno yenye maana nzito: projekti, apruvu, bajeti, rijekti. Yote asili yake ni Kiingereza, ingawa bajeti imekwisha kuingia kamusini. Anayehesabu maneno atatangaza kwamba hii ni sentensi ya Kiingereza iliyotiwa Kiswahili kidogo. Nimechoka na hesabu hiyo! Naikuta kwenye tasnifu, kwenye ripoti, na kwa watu wanaojiita washauri wa lugha ambao hawajawahi kugawa neno hata moja katika mofimu.

Tazama fremu. "Projekti" imewekwa katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo wingi wake unadai "zake" na "zi-" kwenye kitenzi. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo hakingeweza kutoa hiyo "zi-". Kimilikishi kimekuja baada ya nomino, kinyume na Kiingereza. Njeo ni "-me-" ya Kiswahili, na utendwa umetengenezwa kwa "-iwa", wala hakuna kitenzi kisaidizi wala umbo la kutendwa la Kiingereza. Jaribu kusema "projekti zake imeapruviwa" katika lahaja inayotunza upatanisho huo, uone wasikilizaji watakavyokurekebisha. Watarekebisha "i-" na kuliacha "apruvu" lilivyo. Lugha matriki hapa ni Kiswahili, na ingebaki Kiswahili hata mizizi yote ingekuwa ya kigeni.

Mpangilio nao unasema hivyohivyo. "Amenunua laptopu ekspensivu sana" inapita: nomino na kivumishi vyote ni vya Kiingereza, ila vimepangwa Kiswahili, nomino mbele. Kizuizi kingine cha Poplack, kile cha ulinganifu, kinataka lugha ibadilike pale tu ambapo mpangilio wa lugha zote mbili unalingana, na kwa nomino na kivumishi hizi mbili hazilingani. Nadharia ya matriki inaeleza mpangilio huo bila kutokwa jasho. Lakini mtu anaweza pia kusema "amenunua veri ekspensivu laptopu", akakiingiza kirai kizima kwa mpangilio wake wa Kiingereza. Myers-Scotton anaviita virai vya aina hiyo visiwa: ndani yake lugha pachikwa hujitawala, lakini kisiwa chenyewe kinakaa mahali ambapo matriki imekipangia.

Utakutana pia na "mageimzi yangu", ambapo wingi umetiwa mara mbili, "ma-" ya Kiswahili na "-z" ya Kiingereza. Wengi wakifika hapa hupiga kelele kwamba sasa kanuni imekufa. Mwaka 2000 Myers-Scotton na Janice Jake waligawa mofimu upya kwa kuangalia namna zinavyoingia katika sentensi. Wingi huchaguliwa mapema, pamoja na nomino yenyewe, kwa hiyo unaweza kuletwa na mzizi kutoka lugha pachikwa. Upatanisho wa kiima na kitenzi huchelewa, kwa sababu unategemea muundo mzima wa kishazi, na huo lazima utoke kwenye matriki. Ndiyo maana "-z" ya Kiingereza inaonekana kwenye nomino lakini upatanisho wote unabaki wa Kiswahili: "mageimzi yangu yameharibika." Mwenye kutaka kuipinga nadharia atafute kishazi ambamo kiambishi cha kiima ni cha Kiswahili na upatanisho mwingine wa lazima umetoka Kiingereza. Huo ungekuwa ushahidi. Kusema "watu huongea wanavyotaka" si ushahidi.

Usiiandike nadharia hii kama neno la mwisho, hata hivyo. Jeff MacSwan, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, anashikilia kwamba hatuhitaji vizuizi maalumu vya kubadili msimbo: sarufi za lugha mbili zinazohusika zinatosha, na dhana ya matriki ni mzigo wa ziada. Yeye bado anakataza kubadili lugha ndani ya neno, hivyo "nimedisaid" yako itamsumbua yeye pia. Naye Pieter Muysken alionyesha mwaka 2000 kwamba mchanganyiko wenyewe si wa aina moja: kuna kupachika, kuna kupishana kwa vipande virefu, na kuna lugha zinazoshirikiana muundo kiasi kwamba kutafuta matriki ni kupoteza muda. Data yako ni ya kupachika kwa sehemu kubwa. Sema hivyo wazi, usiitangazie dunia nzima.

Kingine, usiwaulize wazungumzaji wako "je, hii ni sahihi?" ukaandika jibu lao kama data. Watakuambia kwamba hiyo si lugha, kwamba wao hawasemi hivyo, na katika kukueleza watasema "sipendi kumiksi". Aibu ya kijamii inajibu kabla ya sarufi. Rekodi, gawa kwa vishazi, kila kishazi kigawe kwa mofimu, kisha utazame upatanisho na mpangilio. Hiyo kazi inachosha, na wanaotafuta njia ya mkato ndio wanaorudi kuhesabu maneno.

Njia hiyo ya mkato ina madhara makubwa zaidi nje ya tasnifu. Mtoto wa lugha mbili anapimwa, anasema "nataka kudroo", na mpimaji anaandika kwamba mtoto hana lugha hata moja. Mzazi anaambiwa aache lugha moja nyumbani, wakati mwingine kwa ada nono. Johanne Paradis, Elena Nicoladis na Fred Genesee walichunguza watoto wadogo wa Kifaransa na Kiingereza mwaka 2000 kwa kutumia nadharia hii ya matriki, wakakuta michanganyiko yao kwa sehemu kubwa inafuata vizuizi vilevile. "Nataka kudroo" ina kiima mahali pake, ina njeo, na imekiwekea "ku-" kitenzi kinachofuata "taka". Mtoto aliyeisema anaijua fremu ya Kiswahili, amekosa tu mzizi mmoja au ameupendelea mwingine. Mwenye tatizo la kweli la lugha ataonyesha dalili katika lugha zake zote mbili, na dalili hizo hutafutwa kwenye fremu: viambishi vinavyodondoka pale ambapo wenzake wa umri huo, wanaokulia lugha hizohizo mbili, hawavidondoshi. Mpimaji ambaye hakuuliza mtoto anasikia lugha gani, kutoka kwa nani na kwa kiasi gani, wala hakumpima katika lugha ya pili, hana msingi wa kuandika ripoti yoyote.