Slaidi 38 za kikao cha wazazi: nizipunguze vipi?

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya binafsi huku Morogoro. Kikao kilichopita nilitengeneza slaidi 38: matokeo ya kila mtoto wa darasa la sita, mchanganuo wa ada na kalenda ya mwaka mzima. Wazazi waliokaa nyuma walisema hawaoni, na mwisho wa kikao bado waliniuliza walipe shilingi ngapi na shule inafungwa lini. Darasa lina watoto 42, na tunasahihisha kila somo kwa alama 50. Kikao kijacho nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, anza kwa kuondoa slaidi zote zenye majina ya watoto. Alama na nafasi ya mtoto ni za mzazi wake, nazo zinakaa kwenye ripoti anayokabidhiwa mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi linalohitaji uangalizi wa pekee, na ukumbini kuna simu hamsini zinazopiga picha. Lakini hata kabla ya sheria, mzazi anayeona jina la mwanawe mkiani mbele ya majirani hasikii tena neno lako lolote. Ukiziondoa hizo, slaidi 38 huenda zikabaki kumi, na kumi hizo tutazipunguza pia.

Kinachobaki kwenye matokeo ni swali moja: darasa linakwendaje? Shule nyingi hulijibu kwa wastani, nami nakushauri uuache. Wastani wa Hisabati unaweza kupanda kwa sababu watoto watatu hodari wamezidi kupaa, huku kumi walioko chini wamebaki palepale. Mzazi wa mmoja wa hao kumi atarudi nyumbani akiamini mambo ni mazuri. Hesabu watoto badala ya alama. Kwa kuwa mnatumia alama 50, tumia madaraja yaleyale ya mtihani wa darasa la saba, ambayo wazazi watakutana nayo mwakani: A ni 41 hadi 50, B 31 hadi 40, C 21 hadi 30, D 11 hadi 20, na E ni 10 kushuka chini. Kama alama za Hisabati ziko safu ya C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 43, Eksel itakuhesabia hivi:

```
=COUNTIF(C2:C43,">=41")
=COUNTIFS(C2:C43,">=31",C2:C43,"<41")
=COUNTIFS(C2:C43,">=21",C2:C43,"<31")
=COUNTIFS(C2:C43,">=11",C2:C43,"<21")
=COUNTIF(C2:C43,"<11")
```

Nimeandika `<41` wala si `<=40` kwa makusudi. Mwalimu akitoa nusu alama, mtoto mwenye 40.5 angedondoka katikati ya A na B, asihesabiwe popote.

Hapa kuna makosa mawili ambayo huwezi kuyaona kwa kutazama grafu. La kwanza ni mtoto ambaye hakufanya mtihani kuandikiwa sifuri. Atahesabiwa kwenye E kana kwamba alifanya akaanguka. Acha seli yake wazi. La pili ni alama iliyoingia kama maandishi, kwa mfano mtu ameandika "3O" kwa herufi O badala ya sifuri. Alama ya namna hiyo husogea upande wa kushoto wa seli wakati nyingine zote ziko kulia, na fomula zinairuka kimyakimya. Ndiyo maana usiridhike na jumla inayotolewa na kompyuta. Chukua daftari la mahudhurio la siku ya mtihani, uone waliofanya ni wangapi, kisha jumlisha madaraja matano. Hesabu mbili zisipolingana, rudi kwenye safu utafute.

Tuseme waliofanya ni 40 kati ya 42, na Hisabati imetoka hivi: A watoto 5, B 9, C 14, D 9, E 3. Jumla 40, sawa na daftari. Mtihani uliopita, nao ukiwa na watoto 40, ilikuwa A 3, B 7, C 13, D 12, E 5. Sasa kichwa cha slaidi kisiwe "Matokeo ya Hisabati Darasa la Sita". Kichwa kiseme lile unalotaka mzazi aondoke nalo: "Hisabati: watoto 28 kati ya 40 wamepata C au zaidi, mara iliyopita walikuwa 23." Chini yake weka grafu ya mihimili, rangi ya kijivu kwa mtihani uliopita na bluu iliyokoza kwa huu, namba juu ya kila mhimili. Ondoa mistari ya nyuma, na usiweke mihimili yenye umbo la boksi, kwa maana ule uso wa pili unamfanya mtu asijue urefu unaishia wapi.

Sema "watoto 28 kati ya 40", acha asilimia. Kwenye darasa la watoto 40, mtoto mmoja ni asilimia 2.5, kwa hiyo kuhama kwa watoto wawili kunaonekana kama badiliko kubwa la asilimia 5. Tena waambie wazazi wazi kwamba mitihani yote miwili mliitunga wenyewe na huenda mmoja ulikuwa mwepesi kuliko mwingine. Kama mlifanya mtihani wa pamoja na shule nyingine za wilaya, uonyeshe huo hata kama hauwapendezi, maana hamkuutunga ninyi.

Usitengeneze grafu ya namna hii kwa masomo yote sita. Weka jedwali moja lenye mistari sita: jina la somo, waliopata C au zaidi safari hii, waliopata mara iliyopita. Panga kuanzia somo lililo chini kabisa, si kwa mpangilio wa ratiba, ili jicho la mzazi lianzie penye kazi. Halafu lile somo la juu kwenye jedwali ndilo lipewe grafu yake na dakika zako za maelezo. Kwa matokeo, slaidi mbili zinatosha.

Baada ya matokeo weka tarehe, kisha ada. Ukianza na ada, mjadala wake utakula muda wote, na hata hivyo awamu za malipo zinategemea siku ya kufungua shule. Slaidi ya tarehe iwe na mambo anayoyahitaji mtu mwenye mtoto: shule inafunguliwa lini, likizo fupi lini, inafungwa lini, na siku ya kufunga mtoto achukuliwe saa ngapi. Andika siku pamoja na tarehe, "Ijumaa, 5 Juni 2026", kwa sababu wazazi hukumbuka siku kuliko tarehe, na pia ukikosea moja, nyingine itakusuta. Saa ziandike kwa Kiswahili na ueleze ni wakati gani: "saa 6:00 mchana". Ukiandika 12:00 peke yake, kuna atakayekuja saa kumi na mbili jioni kumchukua mwanawe, na kosa litakuwa lako. Sikukuu za Idi ziwekee neno "kutegemea mwandamo wa mwezi".

Kwenye ada ndipo nimeona slaidi nyingi zikiharibika. Mhasibu hutoa mchanganuo wake: ada, chakula, usafiri, kila kimoja na mstari wake, na jumla ya mwaka chini. Huo ni mpangilio wa vitabu vyake. Mzazi anauliza tofauti: nilete kiasi gani, kabla ya siku gani? Basi ligeuze jedwali. Mistari iwe tarehe za awamu, na safu ziwe aina ya mtoto. Tuchukue mfano wa ada 1,200,000 kwa mwaka, chakula 360,000 na basi 480,000, kwa awamu nne:

| Lipa kabla ya | Bila basi | Na basi |
|---|---:|---:|
| Awamu ya 1: siku ya kufungua shule, Januari | 390,000 | 510,000 |
| Awamu ya 2: baada ya likizo fupi | 390,000 | 510,000 |
| Awamu ya 3: Jumatatu, 13 Julai 2026 | 390,000 | 510,000 |
| Awamu ya 4: baada ya likizo fupi | 390,000 | 510,000 |
| Mwaka mzima | 1,560,000 | 2,040,000 |

Nimeacha baadhi ya tarehe kwa maneno, wewe jaza zenu kamili kama nilivyofanya awamu ya 3. Namba zikae upande wa kulia ili maelfu yawe chini ya maelfu. Kama kuna malipo ya mara moja, mathalani sare au mchango wa darasa la saba, yaandike mstari mmoja chini ya jedwali na useme yanamhusu nani. Madeni yasionekane popote kwenye slaidi. Namba ya akaunti iende kwenye karatasi pamoja na jina kamili la akaunti, ili mzazi alilinganishe na linalotokea kwenye simu kabla hajathibitisha malipo.

Kuna jambo lililonipata mwenyewe. Shule moja niliyoisaidia ilisogeza siku ya kufungua kwa wiki moja. Nikabadilisha slaidi ya tarehe, nikasahau ya ada, ambako siku ileile ilikuwa imeandikwa tena. Wazazi walilipa kwa tarehe mbili tofauti, na mhasibu akawatoza baadhi faini ambayo haikuwa haki. Tangu hapo, kila tarehe inayotokea mara mbili naipaka rangi ya njano wakati wa kuandaa, na siiondoi rangi hiyo mpaka nimezisoma zote mbili kwa pamoja asubuhi ya kikao.

Wale wa nyuma sasa. Pima upana wa picha ya projekta ukutani na umbali hadi kiti cha mwisho. Picha ikiwa na upana wa mita 2 na kiti cha mwisho kiko mita 14, umbali ni mara saba ya upana. Fungua slaidi ijae kioo cha laptopu yako, pima upana wa kioo, na usimame mara saba ya upana huo. Kioo cha sentimita 31 kinakupeleka nyuma mita 2.2 hivi. Hapo unaona ukubwa uleule atakaouona mzazi wa mwisho. Usichoweza kusoma bila kukaza macho kikuze au kitoe. Kwa vipimo hivi, maandishi chini ya 28 mara nyingi hayapiti. Kumbuka kwamba kioo kinang'aa kuliko ukuta wenye mwanga wa madirisha, kwa hiyo tumia maandishi meusi juu ya nyeupe, na jaribu ukumbini saa ileile ya kikao, jua likiwa palepale.

Jedwali la ada na lile la tarehe yachapishe pande mbili za karatasi moja ya A4, moja kwa kila familia, na uigawe mlangoni wanapoingia. Umeme ukikatika katikati ya kikao, matokeo utayasema kwa mdomo, na mengine yote wanayo mkononi.