Mteja anataka marekebisho ya tano, salio halipi

Tulipatana nembo kwa Sh 300,000, na marekebisho mawili. Nimelipwa nusu. Sasa anataka marekebisho ya tano, tena nimtengenezee na menyu, ndipo amalizie. Nimjibuje? – Mbunifu, Mwanza

Usibishane naye kama nembo ni nzuri au mbaya, maana ladha haina mwisho. Mrudishe kwenye mlichopatana, kwa tarehe:

"Habari za kazi, dada. Tarehe 3 Machi tulikubaliana nembo moja na marekebisho mawili kwa Sh 300,000. Ya pili nilikutumia tarehe 18. Ya tatu na ya nne nimekufanyia bila malipo. Kazi tuliyopatana imekamilika, na salio ni Sh 150,000. Naambatisha ankara tena, naomba ilipwe kufikia Ijumaa tarehe 4 Aprili. Marekebisho ya tano ni Sh 25,000 na menyu ni Sh 80,000. Nitaanza salio likishaingia."

Hapo hujamkatalia kazi, umeipa bei. Yale mawili ya bure yataje waziwazi, la sivyo atahesabu kwamba ndio utaratibu wenu. Ila kagua kwanza: kama umekosea jina la biashara au namba ya simu, hilo ni kosa lako. Lisahihishe bure, wala usilihesabu kama marekebisho.

Hatukuandikiana mkataba, tulipatana kwa simu na WhatsApp. Nina haki gani?

Unayo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba; shida ni kuyathibitisha. Usifute mazungumzo, yahifadhi yote pamoja na sauti alizokutumia na ujumbe wa malipo ya awali. Ule ujumbe wa pesa una uzito, kwa sababu hakuna anayelipa nusu ya kazi ambayo hakuiagiza. Siku nyingine, mkimaliza kuongea kwa simu, mwandikie papo hapo: "Kama tulivyoongea, kazi ni hii, bei ni hii, marekebisho ni mawili." Akijibu "sawa", umepata maandishi.

Anasema nimpe faili la kuhariri kwanza, atalipa akiridhika.

Usimpe. Mwonyeshe picha ndogo yenye jina lako limepita katikati. Faili kamili litoke pesa ikishaingia.

Niko Nairobi. Nimeandika mara kadhaa, hajibu. Namdai Sh 45,000.

Mpelekee barua ya madai yenye kiasi, mlichopatana na siku ya mwisho. Ikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea madai yasiyozidi Sh 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Beba makubaliano, ankara, na kila toleo ulilomtumia likiwa na tarehe yake, kwani swali litakalokuja ni moja: ulichoahidi ulikikabidhi lini?