Maswali na majibu: Kidonge cha B6 kinachoandamana na isoniazidi

Nimeanza dawa za TB wiki iliyopita. Kando ya vidonge vikubwa nimepewa na kidogo, naambiwa ni vitamini B6. Mbona damu yangu iko sawa?

Kidonge hicho hakihusiani na damu yako. Umepewa kwa sababu ya dawa moja tu kati ya hizo unazomeza, isoniazidi, ambayo inaua vimelea vya TB vizuri lakini pia inaunyang'anya mwili vitamini B6.

Inafanya hivyo kwa njia mbili. B6, ambayo jina lake la kidawa ni piridoksini, haifanyi kazi vile vile ilivyomezwa. Lazima kimeng'enya fulani kiigeuze kwanza. Isoniazidi inakizuia kimeng'enya hicho. Halafu ile B6 ambayo imeshageuzwa, isoniazidi inaing'ang'ania, vinaungana, na figo zinavitoa vyote pamoja kwenye mkojo. Isoniazidi ilianza kutumika kwa wagonjwa wa TB mwaka 1952. Ilipofika 1954, watafiti waliopima mkojo wa wagonjwa hao walikuwa wameshaona kwamba B6 inatoka nyingi kupita kawaida, na kwamba ganzi ya miguu iliyokuwa ikiwapata ilizuilika kwa kuwapa vitamini hiyo.

Kwa nini miguu? Seli ya neva inayohisi kidole gumba cha mguu wako haikai mguuni. Iko karibu na uti wa mgongo, sehemu za kiuno, na uzi wake unashuka hadi kidoleni, karibu mita nzima kwa mtu mzima. Kila kinachohitajiwa na ncha ya uzi huo kinasafirishwa kutoka juu. B6 ikipungua, uzi mrefu ndio unaoanza kufa, tena kuanzia nchani. Shika hapo, maana karibu yote nitakayoeleza huko chini yanatokana na jambo hilo.

Na kabla hujauliza: kwa dozi ya kinga, B6 haipunguzi makali ya isoniazidi dhidi ya TB. Vimeze pamoja.

Mimi na jirani yangu tuko kwenye dawa za TB. Yeye kapewa B6, mimi sikupewa. Nimesahauliwa?

Huenda hukusahauliwa. Kwa dozi ya kawaida ya isoniazidi, yaani miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na kwa kawaida isizidi 300, mtu mzima mwenye afya na anayekula vizuri mara nyingi hapati shida ya neva. Ndiyo maana baadhi ya miongozo inasema wote wapewe, na mingine inataja makundi tu: mjamzito, anayenyonyesha, anayeishi na VVU, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa sugu wa figo, mnywaji wa pombe, aliyekonda kwa utapiamlo, mzee, na yeyote ambaye miguu yake ilishakuwa na ganzi kabla ya dawa. Kama umo kwenye orodha hiyo na hukupewa, rudi uulize, tena usingoje tarehe ya kliniki.

Kuna kundi moja lisiloonekana kwa macho. Ini ndilo linaloivunja isoniazidi, na watu hatulingani kwa kasi ya kazi hiyo. Ni jambo la kuzaliwa nalo. Katika jamii nyingi za Afrika na Ulaya karibu nusu ya watu wanaivunja polepole, kwa hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu na kuchukua B6 zaidi. Hakuna anayepimwa jambo hilo kliniki za kawaida. Mimi, kwa sababu hiyo peke yake, nampa kila anayeanza isoniazidi kama kidonge kipo. Ni miligramu 10 hadi 25 kwa siku, na hakina ugumu wowote kumeza.

Daktari, shikamoo. Mume wangu ana kilo 58, yuko mwezi wa tatu wa dawa. Wiki mbili hizi nyayo zinamwaka usiku, anatoa miguu nje ya shuka. Juzi kandambili ilimvuka njiani asijue. Kile kidonge kidogo alikiacha, anasema ni vitamini tu. Aache dawa?

Marahaba mama. Asiache. Lakini apelekwe kliniki wiki hii, na umwambie mhudumu hayo hayo uliyoniandikia, hasa habari ya kandambili. Wagonjwa wengi husema "miguu inauma" na kuishia hapo, na neno "inauma" halimsaidii sana anayesikiliza. Kandambili inayovuka bila mtu kujua inasema kwamba wayo umepoteza hisia, na hilo ni jambo la neva.

Angekuwa mbele yangu ningeuliza kwanza: ni miguu yote miwili? Ilianza wakati mmoja? Ilianzia vidoleni au juu? Ganzi ya isoniazidi huanza vidoleni na nyayoni, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha inapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Wengine wanaisikia kama sisimizi wanatembea, wengine kama sindano, wengine moto unaozidi usiku hata shuka likigusa ni kero. Misuli ya mashavu ya miguu nayo inaweza kuuma kwa ndani. Vidole vya mikono kwa kawaida hufuata baadaye, mara nyingi wakati ganzi ya miguu imeshakaribia magoti, kwa sababu nyuzi zake ni fupi zaidi.

Kipimo cha kwanza mnaweza kukifanya nyumbani. Afumbe macho. Chukua kipande cha pamba, mguse kidogo kwenye paji la uso ajue pamba ikoje, kisha mguse kidole gumba cha mguu, juu ya wayo, kifundo, katikati ya muundi, halafu goti. Kila akisikia aseme "hapo". Usiburute pamba, gusa tu, na mara nyingine ngoja bila kugusa uone kama atasema "hapo" kwa kubahatisha. Ukikuta vidoleni hasikii, kifundoni anasikia kwa mbali na gotini anasikia vizuri, pande zote mbili sawa, umeuona mpaka wa soksi. Weka alama ya kalamu hapo. Mkirudia baada ya wiki tatu mtajua kama umepanda au umeshuka.

Kliniki watagonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo. Mguu usiporuka, neva imeguswa zaidi ya juu juu. Wataweka na uma wa sauti unaotetemeka kwenye kidole gumba waone kama anausikia. Wapime sukari na VVU kama havijapimwa, na waulize habari za pombe, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuleta soksi hiyo hiyo, na isoniazidi ikavikuta na kuviongezea.

Sasa hesabu yake. Kwa kilo 58, kama yuko kwenye vidonge vya mchanganyiko vyenye miligramu 75 za isoniazidi kila kimoja, vinne kwa siku vinampa 300. Ni zaidi kidogo ya 5 kwa kilo, dozi sahihi kabisa. Kwa hiyo hakuzidishiwa dawa. Kilichopungua ni kile kidonge alichokidharau. Akishapimwa, kwa kawaida hupewa piridoksini miligramu 100 hadi 200 kwa siku, ambayo ni dozi ya kutibu, huku dawa za TB zikiendelea. Dalili zikishatulia, inarudishwa kwenye ya kinga hadi siku ya mwisho ya isoniazidi. Kama moto wa usiku unamnyima usingizi, wanaweza kumwongezea amitriptilini kidogo ya jioni. Hiyo inatuliza maumivu, haiponyi neva.

Mtegemee nini? Akiwa na wiki mbili tu za dalili, kuwaka kunaweza kuanza kupungua ndani ya wiki chache. Ganzi ni polepole zaidi. Uzi wa neva uliokufa huota upya kwa kama milimita 1 kwa siku, basi piga hesabu kutoka kifundoni hadi vidoleni uone ni miezi mingapi. Waliongoja hadi mguu ukalegea, wengine hawarudi kamili. Wakati huo wote akague nyayo kila jioni, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Nimewahi kumfunga kidonda cha moto mtu aliyetia mguu kwenye beseni na kukaa humo akizungumza na wenzake, hajui kwamba anaungua.

Kama B6 inalinda neva, si bora nimeze vidonge vitano vitano?

Hapana. B6 ikizidi sana, yenyewe inaua neva za hisia, na dalili zake zinafanana mno na zile unazozikimbia: ganzi, miguu kuchomachoma, kuyumba gizani. Mwaka 1983 madaktari walieleza habari za watu waliofika hali hiyo kwa kumeza gramu 2 na zaidi kwa siku, na baadaye ikaonekana kwamba hata dozi ndogo kuliko hiyo zikimezwa muda mrefu zinaweza kudhuru. Ile ya 100 au 200 ni ya mtu mwenye dalili, kwa muda, huku anafuatiliwa.

Kituoni kwetu B6 imeisha. Duka la dawa wananiambia ninunue B komplex. Ni sawa?

Geuza chupa usome kiasi cha B6 kabla ya kulipa. Kuna vidonge vya B komplex vyenye miligramu 2 tu za B6 kila kimoja, ambazo hazifiki kinga unayohitaji. Kuna na vile vya B1, B6 na B12 pamoja, vyenye 100 au 200, ambavyo kwa kinga ya kila siku ni vingi mno. Unachotafuta ni piridoksini peke yake, ya 10, 25 au hata 50. Usipoipata, endelea na dawa za TB, chunguza vidole vya miguu kwa pamba kila wiki, na kama umo kwenye yale makundi niliyotaja, mwambie mhudumu akutafutie kituo kingine.

Mabega na magoti yananiuma tangu nianze dawa. Ndiyo hiyo neva?

Haielekei. Maungio makubwa kuuma miezi miwili ya kwanza mara nyingi ni pirazinamidi, inayopandisha asidi ya yuriki, na hutulia dawa hiyo ikiisha. Hapo B6 haisaidii. Macho yakififia au rangi nyekundu na kijani zikikuchanganya, wa kwanza kushukiwa ni ethambutoli. Nenda siku hiyo hiyo. Na kama ni mgongo unaouma, miguu yote ikaanza kuwa mizito na mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila wewe kujua, usikae kupima pamba. Hiyo inaweza kuwa TB ya pingili inayobana uti wa mgongo, na mtu anapaswa kuwa hospitali kabla ya usiku kuingia.