Lema langu lilivyonifunza patenti

Wale mnaoanza somo la patenti mwaka huu, hebu niwape kisa changu, maana mimi nlisoma vile vigezo vitatu, upya, hatua ya uvumbuzi na utumikaji viwandani, nikavikariri kama sala lakini sikuvielewa hadi nlipotaka kuomba patenti ya lema la mjomba, ule mtego wa samaki wa kusukwa.

Mjomba anasuka malema hapa Lamu. Mimi nikafikiria nimwekee mwanya mwembamba pembeni ili samaki wadogo wapite watoke, nikajiona mvumbuzi kwelikweli. Kumbe malema ya mwanya yalishajaribiwa kwenye pwani hii hii yetu na watafiti wakaandika. Hapo upya umeisha. Na upya hauangaliwi Kenya tu, ni dunia nzima, iwe imeandikwa, imesemwa kwa mdomo au imetumiwa hadharani.

Nikasema sawa, naongeza kimlango kilichofungwa kwa uzi wa katani, lema likipotea baharini uzi unaoza, mlango unafunguka, samaki hawafii ndani bure. Nikatafuta wee, sikupata lema moja lenye vyote viwili, mwanya na uzi. Sasa hapa ndo wengi wanachanganyikiwa: kwenye upya mkaguzi anatafuta kitu KIMOJA kilichotangulia chenye kila sehemu ya chako, asipokipata umepita. Nikapita. Lakini hatua ya uvumbuzi ni swali lingine, hapo anaruhusiwa kuunganisha vitu viwili vya zamani na kuuliza, je fundi wa kazi hii angeona ni jambo la wazi kuviunganisha? Kule Alaska mitego ya kaa sheria inataka iwe na uzi wa pamba wa kuoza. Kwa hiyo mwanya ulijulikana, uzi ulijulikana, na kwenye lema langu kila kimoja kinafanya kazi yake ile ile ya zamani bila kumsaidia mwenzake. Ingekuwa vikiwa pamoja vinaleta kitu ambacho fundi hakukitarajia, hapo ningekuwa na la kusema. Sikuwa nalo.

Utumikaji viwandani haukunisumbua, neno viwanda linatisha bure tu, sheria yetu ya 2001 inahesabu kilimo na uvuvi pia.

Mwalimu akaniambia basi omba cheti cha modeli ya matumizi, hiyo inataka upya na utumikaji tu, hatua ya uvumbuzi haiulizwi, ila ulinzi ni miaka 10 badala ya 20 ya patenti. Nikafurahi. Akaniuliza, ushamuonyesha mtu? Nikamwambia ndio, mbona nlilitandaza pale ufukweni Shela, wavuvi wakaligeuza geuza, wengine wakapiga picha. Lini? Tukahesabu, miezi 14. Kenya ukijifichulia mwenyewe unasamehewa ukiomba ndani ya miezi 12, kwa patenti ya Ulaya hata hiyo hakuna. Mjomba naye ashasuka mengine sita, na jirani yake pia.