Ada ya mwezi ya kusimamia kurasa za duka la pembejeo: meseji ndizo zinazokula faida

Ukipanga bei ya mwezi kwa kuhesabu posti peke yake, utaumia. Posti zinajulikana idadi, meseji hazijulikani. Na huku Mbeya mteja kama duka la pembejeo ana miezi ambayo inboksi yake haipumui, kwa sababu mvua ni za msimu mmoja na wakulima wote wanajiandaa kwa pamoja.

Tuchukue duka la Uyole linalotaka posti 12 kwa mwezi. Posti moja, kuanzia kuandika maelezo, kuhariri picha hadi kuipanga, inakula kama dakika 75, kwa hiyo zote ni saa 15. Kwenda dukani kupiga picha weka saa 3, ripoti na kikao saa 1. Meseji kwa miezi ya kawaida ni dakika 20 kwa siku, yaani karibu saa 9 kwa siku 26 za kazi. Jumla saa 28.

Saa moja uiuze bei gani? Kama unahitaji sh 700,000 kwa mwezi, usigawe kwa saa zote unazokaa kazini, maana nyingine zinaishia kutafuta wateja na kudai malipo. Ukibaki na saa 100 za kuuza, saa ni sh 7,000. Mara 28 ni sh 196,000. Ongeza bando na nauli sh 24,000, unapata ada ya sh 220,000. Hela ya matangazo ya kulipia isiingie humo kabisa. Mteja aunganishe kadi yake mwenyewe.

Sasa njoo Oktoba hadi Desemba. "DAP mfuko bei gani?" "Mbegu ya mahindi ya ukanda wa baridi ipo?" "Mnatuma Chimala?" Dakika 20 zinakuwa saa nzima kila siku. Mwezi unafika saa 45, na kwa ada ileile saa yako imeshuka hadi kama sh 4,350. Mteja hana kosa, hajui. Dalili utaiona mapema: unajibu swali lilelile la bei saa tatu usiku, na posti zinaanza kuchelewa.

Dawa ni kuandika kikomo kwenye makubaliano: "Ada inahusu kujibu meseji hadi saa 9 kwa mwezi. Zikizidi, kila saa ni sh 7,000. Mteja ataarifiwa zikifika saa 7." Andika muda kila unapofungua na kufunga inboksi, la sivyo hutakuwa na cha kumwonyesha.

Wapo wateja wasiopenda bei inayopanda na kushuka. Hao watawanyie: saa 17 za ziada kwa miezi 3 ni sh 357,000, ukigawa kwa miezi 12 ni karibu sh 30,000, hivyo ada iwe sh 250,000 mwaka mzima. Ila bei hii mpe anayeanza Januari au Februari. Anayeanza Oktoba anaweza kuondoka msimu ukiisha, nawe umefanya kazi ya sh 339,000 kwa mwezi ukalipwa 250,000. Huyo mtoze bei ya msimu hadi Desemba, kisha Januari mshuke wote kwenye sh 220,000.